Kuandika tangazo la Haisi iliyotumika: anza na risiti, sifa zije baadaye

Wanunuzi wengi wa Haisi kusini hutafuta gari kuanzia Oktoba, fedha za korosho zinapoingia. Mtu aliye Nachingwea au Tandahimba analiona tangazo kwenye kundi la Wasapu, anampigia fundi wake, kisha wote wawili wanapanda basi kuja Mtwara mjini. Wakifika yadi wamekwishatumia nauli na siku nzima ya kazi. Tangazo likiwa limesema "chuma kali, injini haijaguswa, haina tatizo lolote, weka mafuta uondoke", fundi atafungua kifuniko cha oili, atachungulia chini ya mlango wa pembeni, na kwa kutu ya kwanza atakayoiona kila neno la tangazo litakuwa limekufa. Hata yale ya kweli hayataaminiwa tena.

Mwongozo huu ni wa anayeandika maneno ya yadi. Tutafuata gari moja la mfano mwanzo hadi mwisho: Toyota Haisi ya 2010, bodi ya KDH201, dizeli ya lita 3.0 ambayo mafundi wanaijua kama 1KD. Liliingia nchini na kusajiliwa, likafanya kazi ya abiria kati ya Mtwara na Lindi kwa miezi 18, na sasa mwenyewe ameliuza kwa yadi. Dashibodi inasoma kilomita 251,300.

Hatua ya 1: Gawa unachokijua mafungu manne

Kabla ya kuandika neno, chukua karatasi na uigawe sehemu nne: tuliyoyaona kwenye risiti au cheti, tuliyoyapima wenyewe, tuliyoambiwa na mwenye gari, na tusiyoyajua. Kila dai kuhusu gari lazima liangukie fungu mojawapo. Tangazo zuri linamwambia msomaji dai liko fungu gani, na kazi hiyo inafanywa na kitenzi. Kwa fungu la kwanza unaandika "risiti inaonyesha". La pili ni "tumepima". La tatu ni "mmiliki anasema". La nne ni "hatuna kumbukumbu". Ukichanganya vitenzi hivyo, umeshaahidi kitu usichokuwa nacho.

Wauzaji wengi huogopa fungu la nne, wakidhani litamkimbiza mteja. Atakayekimbia kwa sababu hiyo angekimbia vilevile akiwa yadi, tofauti ni kwamba angekuwa amekwishapanda basi.

Hatua ya 2: Hakiki kilomita kabla ya kuziandika

Namba ya kilomita ndiyo inayoaminiwa kirahisi kuliko zote na ndiyo inayochezewa kirahisi kuliko zote. Usiinakili tu kutoka kwenye dashibodi. Ipime kwa mambo mawili.

La kwanza ni cheti cha kusafirisha gari kutoka Japani. Wengi wanakitunza kwa ajili ya namba ya chasisi tu, lakini kinaandika pia kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi. Tarehe zake mara nyingi zimeandikwa kwa kalenda ya wafalme wa Japani. Kama zimeandikwa Heisei, ongeza 1988 kwenye namba ya mwaka; kama ni Reiwa, ongeza 2018. Kwa hiyo Heisei 22 ni 2010, na Reiwa 3 ni 2021. Cheti cha gari letu la mfano kinasoma kilomita 143,000.

La pili ni hesabu ya njia. Mtwara hadi Lindi ni karibu kilomita 110. Safari moja ya kwenda na kurudi ni 220. Siku 25 za kazi kwa mwezi zinatoa kilomita 5,500, na miezi 18 inatoa 99,000. Ongeza 143,000 utapata 242,000. Dashibodi inasoma 251,300. Tofauti ya kilomita 9,300 inaelezeka kwa safari za harusi, misiba na za kukodi. Hesabu inakubali, kwa hiyo namba hii unaweza kuiandika na kuitetea.

Sasa fikiria dashibodi ingesoma 168,000. Maana yake ni kwamba gari limetembea kilomita 25,000 tu kwa miezi 18 ya kupakia abiria, kazi ya chini ya miezi mitano. Hapo ama gari lilikaa juu ya mawe muda mrefu, na hilo nalo lina madhara yake, ama kuna mtu ameigusa mita. Usiandike "kilomita chache". Andika: "Dashibodi inasoma 168,000; hatuwezi kuithibitisha." Kulinyamazia jambo hilo huku unajua si ujanja wa biashara. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi, na Tume ya Ushindani ndiyo inayoisimamia.

Hatua ya 3: Zisome risiti kama ngazi, tafuta mahali palipovunjika

Panga risiti zote kwa kilomita, ndogo hadi kubwa. Ukiona risiti isiyo na kilomita, itafutie nafasi yake kwa tarehe. Kwa gari la abiria la dizeli linalofanya kazi kwenye joto na vumbi, mwenye busara anamwaga oili kila kilomita 5,000. Gari letu limetembea 108,300 hapa nchini, kwa hiyo tunatarajia risiti kama 21. Zilizopo ni 15. Ukizipanga unaona kwamba hazikukosekana hapa na pale. Kuna pengo moja, kati ya kilomita 188,000 na 219,000, ambako hakuna kitu. Hizo ni kama sevisi sita.

Hapo ndipo mwandishi mvivu anaandika "gari limefanyiwa sevisi kwa wakati". Kifungu hicho ni uongo kwa kilomita 31,000. Andika pengo lenyewe: "Risiti za oili na filta zipo 15. Kati ya kilomita 188,000 na 219,000 hakuna risiti. Mmiliki anasema oili ilikuwa inabadilishwa na dereva." Sentensi hii inafanya kazi mbili. Inamwambia fundi wa mnunuzi mahali pa kuchunguza, na inazifanya zile risiti 15 ziaminike, kwa sababu mtu anayeonyesha pengo hawezi kushukiwa kwamba ametunga zilizobaki.

Jihadhari na risiti zilizoandikwa kwa kalamu moja, mwandiko mmoja, karatasi haina doa la oili, ilhali tarehe zinatofautiana mwaka mzima. Hizo usizihesabu.

Hatua ya 4: Yakate maswali mawili ya injini kabla ya tangazo kutoka

Kwa 1KD, fundi yeyote makini atauliza mkanda wa taimingi na washa za nozeli. Tangazo lisilogusa mambo haya linaonyesha kwamba aliyeliandika hakuwa karibu na gari.

Mkanda wa taimingi unabadilishwa kwa kilomita: kati ya 100,000 na 150,000, kutegemea kitabu cha gari lenyewe. Ukikatika injini ikiwa inazunguka, valvu zinagongana na pistoni na silinda hedi inaharibika. Kwenye dashibodi kuna taa ya T-BELT, na watu huiweka kwenye tangazo kama ushahidi: "taa ya belti haiwaki". Taa hiyo haiuoni mkanda. Inahesabu kilomita tu, na fundi anaweza kuirudisha sifuri bila kufungua hata bolti moja. Kwa hiyo taa iliyozima haithibitishi chochote.

Kwenye gari letu, mmiliki anasema mkanda ulibadilishwa kwenye kilomita 200,000 na kitu. Hiyo iko ndani ya pengo, risiti haipo. Hapa yadi ina njia mbili za haki. Ya kwanza ni kuandika "mkanda uhesabiwe kuwa haujabadilishwa" na kupunguza bei kwa gharama ya kazi hiyo. Ya pili ni kuubadilisha wenyewe pamoja na tenshena yake, kupiga picha ya mkanda wa zamani na mpya, na kutunza risiti ya vifaa. Njia ya pili ni bora karibu kila mara. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na bei ya gari, na inaligeuza neno la kubahatisha kuwa sentensi ngumu kuliko zote kwenye tangazo: "Mkanda wa taimingi na tenshena vimebadilishwa kwetu kwenye kilomita 251,300, risiti ipo."

Washa za shaba zilizo chini ya nozeli zina hadithi ndefu kidogo. Zikichoka, moshi wa mlipuko unapenya pembeni ya nozeli na kuingia kwenye oili. Oili inageuka nzito kama lami, masizi yanashuka hadi kwenye sampu na kuziba chujio linalofyonza oili. Injini inapungukiwa oili taratibu. Taibo na beringi ndivyo vinavyoumia kwanza. Dalili ya mapema ni mlio wa "chaf chaf" wakati wa kuwasha asubuhi injini ikiwa ya baridi, na masizi meusi yenye ukoko kuzunguka nozeli. Taa ya oili ikianza kuwaka, umeshachelewa.

Kwenye risiti za gari letu washa zilibadilishwa kilomita 231,000. Vizuri, lakini tunajua kuna pengo la sevisi kabla ya hapo, na kubadilisha washa hakuondoi masizi yaliyokwishashuka. Kwa hiyo gereji inashusha sampu, inatazama chujio na kulipiga picha. Kama ni safi, andika: "Sampu imefunguliwa kwetu, chujio la oili halikuwa na masizi, picha ipo." Kama lilikuwa limeziba nusu, andika hivyo pia, na useme limesafishwa. Usiruke kutoka hapo hadi "injini haitakusumbua". Chujio safi linakuambia hali ya leo, halisemi kitu kuhusu mwaka kesho.

Na lile neno "injini haijaguswa" liache kabisa. Kwenye gari la familia huenda lina heshima. Kwenye Haisi ya kilomita 250,000 injini ambayo haijaguswa ni injini ambayo haijabadilishwa mkanda wala washa.

Hatua ya 5: Pima vile ambavyo wengine wanavikisia

Ulaji wa mafuta ndio unaotungwa zaidi. Upime: jaza tangi hadi bomba lijifunge, nenda Lindi urudi, jaza tena kituo kilekile, pampu ileile. Gari letu lilitembea kilomita 220 na kumeza lita 22.4, yaani kilomita 9.8 kwa lita. Andika na mazingira yake: "watu wawili, bila mzigo, barabara ya lami." Likijaa abiria na magunia juu ya keria halitafikia hapo, na dereva mzoefu anajua hivyo. Ukimwandikia 14, atajua tu kwamba hukupima.

Kwa tairi, "tairi nzuri" hakuna maana. Andika saizi, kina cha kashata kwa milimita, na mwaka. Mwaka uko ubavuni, tarakimu nne za mwisho ndani ya kiduara baada ya herufi DOT: 1823 ni wiki ya 18 ya 2023. Tairi yenye kashata nene lakini imekaa juani miaka saba ni mbovu, na wanunuzi wa siku hizi wanaisoma.

Breki, shokapu na bushi vinatosha mstari mmoja: kimebadilishwa au bado.

Hatua ya 6: Kutu, viti na leseni

Gari lililolala Mikindani au Lindi mjini linakula chumvi ya bahari. Kutu huanzia usipoiona: reli ya mlango wa pembeni, ngazi ya abiria, viungo vya chini nyuma ya tairi. Bodi iliyopigwa rangi nyeusi nzito chini wiki moja kabla ya kuuzwa inawaambia mafundi jambo moja tu. Tenganisha kutu ya juu na kutu iliyotoboa, na useme iko wapi. "Kutu ya juu kwenye ngazi ya abiria; chasisi haijatoboka, tumegonga kwa nyundo urefu wake wote" ni sentensi inayouza. "Bodi safi" haiuzi.

Haisi nyingi zilikuja kutoka Japani zikiwa za mizigo, viti vya abiria vikafungwa hapa nchini. Gari letu ni hivyo. Ficha hilo, na mnunuzi ataligundua akisoma cheti. Sema viti vilifungwa hapa na vimeshikwa kwa nini, bolti zenye sahani chini ya sakafu au kuchomelea tu. Tofauti hiyo ni kubwa siku gari likipinduka.

Kuhusu leseni ya usafirishaji, usiandike "LATRA tayari" kana kwamba mnunuzi anapewa na ufunguo. Leseni aliyokuwa nayo mwenye gari wa kwanza haimfanyi wa pili kuwa na ruhusa. Andika: "Mnunuzi ataomba leseni yake LATRA, uhamisho wa umiliki TRA tunausimamia nasi." Hiyo ya pili iandike tu kama kweli mnaifanya, na useme ada analipa nani.

Hatua ya 7: Dhamana iwe ya kilomita, si ya maneno

"Ukipata shida turudie" si dhamana, ni chanzo cha ugomvi. Dhamana ina muda, kilomita, vitu vilivyomo, vitu visivyomo, na nani analipa ufundi. Fanya hesabu kabla ya kuitangaza. Yadi ikisema "siku 30 au kilomita 3,000, kitakachotangulia", inasikika kama mwezi mzima. Lakini gari likipangwa njia ya Lindi, kilomita 220 kwa siku, 3,000 zinaisha siku ya 14. Basi mwambie mnunuzi hivyo kwenye tangazo, au panua kilomita zifike 5,500 ili mwezi uwe mwezi kweli. Kama yadi haiwezi kubeba hata hiyo, andika "linauzwa kama lilivyo, baada ya ukaguzi wa fundi wako". Haina aibu.

Hatua ya 8: Tangazo lenyewe

Mistari miwili ya kwanza ndiyo itakayosomwa kabla mtu hajabofya, kwa hiyo weka aina, injini, kilomita na mji. Sevisi inafuata mara moja, kasoro zinakuja kabla ya bei. Hivi ndivyo gari la mfano linavyoandikwa:

> Toyota Haisi 2010, dizeli 3.0 (1KD), gia manyuali. Kilomita 251,300. Ipo Mtwara mjini.
>
> Mmiliki mmoja hapa nchini. Imepakia abiria Mtwara–Lindi miezi 18. Cheti cha Japani kinasoma kilomita 143,000, nakala utaiona.
>
> Sevisi: Risiti 15 za oili na filta. Kati ya kilomita 188,000 na 219,000 hakuna risiti. Mmiliki anasema oili ilikuwa inabadilishwa na dereva. Washa za nozeli zilibadilishwa kilomita 231,000, risiti ipo.
>
> Tulichofanya sisi: Mkanda wa taimingi na tenshena vipya kwenye kilomita 251,300. Sampu imefunguliwa, chujio la oili halikuwa na masizi (picha ipo). Pedi za mbele mpya.
>
> Tulichopima: Mtwara–Lindi na kurudi, watu wawili, bila mzigo: kilomita 9.8 kwa lita. Tairi 195R15, za mbele mwaka 2023, kashata milimita 7. Za nyuma milimita 4, zitahitaji kubadilishwa karibuni.
>
> Kasoro: Kiyoyozi cha nyuma hakipoozi vizuri. Kutu ya juu kwenye ngazi ya abiria, chasisi haijatoboka. Ilikuja kama gari la mizigo, viti vimefungwa hapa kwa bolti zenye sahani chini ya sakafu.
>
> Dhamana: Injini na giaboksi, siku 30 au kilomita 5,500, kitakachotangulia, vifaa na ufundi juu yetu, kwenye gereji yetu. Klachi, breki, tairi na umeme havimo.
>
> Bei milioni 36, maongezi yapo. Uhamisho TRA tunausimamia, ada juu ya mnunuzi. Leseni ya LATRA mnunuzi ataomba mwenyewe. Njoo na fundi wako, asubuhi kabla injini haijawashwa.

Mstari wa mwisho una sababu yake. Mlio wa washa mbovu na moshi wa kuwasha vinasikika na kuonekana injini ikiwa ya baridi. Yadi inayowasha gari saa moja kabla mteja hajafika inaficha jambo, na mafundi hugusa rejeta kwanza kabla ya kusalimia.

Tangazo likishatoka, litunze kama karatasi ya gari. Akija mteja wa Masasi akakuta kiyoyozi kimetengenezwa, au tairi za nyuma zimehamishiwa gari jingine la yadi, maneno ya zamani yanakuwa ya uongo hata kama yalikuwa kweli siku yalipoandikwa. Futa toleo la zamani kwenye kila kundi ulikolituma, tuma jipya lenye tarehe juu. Siku ya mauzo, chapisha toleo la mwisho, pande zote mbili zitie saini, nakala moja ikae kwenye bahasha ya risiti na iondoke na gari.